Namba inayoishia 7777

«Kaka, muuzaji mmoja hapa Lubumbashi anataka dola 150 kwa laini inayoishia 7777. Mbona bei kubwa hivi?»

Ni uhaba, ndugu yangu. ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, inagawia kampuni za simu namba kwa mafungu. Kianzio kama 099 kinafuatwa na tarakimu 7, yaani namba milioni 10, lakini zinazoishia 7777 ni 1,000 tu. Kampuni huzichuja kabla kadi hazijafika madukani, na kuziuza kwa daraja: 7777777 ghali kuliko zote. Nyingine huangukia wachuuzi.

Hatari iko kwenye jina. Laini ikibaki imeandikishwa kwa muuzaji, kesho anaenda na kitambulisho chake, anasema kadi imepotea, anapewa mpya. Yako inazimika, na feza yako ya kwenye simu inaenda nayo. Lipeni mkiwa dukani kwa kampuni, jina likishabadilishwa.