Kabla hujapandisha picha, tazama fremu ya mlango

"Wakuu, nina miaka 29, nimejiunga na apu ya kutafuta mchumba. Nimepiga picha studio, fundi kanilainisha uso, kaning'arisha na kanipunguza kiuno kidogo tu. Nikiediti hivi ni sawa au nimezidisha?"

Usiipandishe hiyo picha. Nimefika kwenye "kanipunguza kiuno kidogo tu" nikaweka kikombe cha chai chini, maana na mimi nilianza na hiyo hiyo "kidogo tu".

Mwaka jana, nikiwa na miaka 33, mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, binamu yangu alinipeleka kwa fundi wake wa picha. Nikamwambia fundi kitu kimoja: pua yangu kwenye selfi inaonekana pana sana. Akacheka, akasema hilo dogo. Alipomaliza kulishughulikia hilo dogo, alikuwa amebana pua, amechonga taya, amening'arisha ngozi na kuingiza kiuno ndani. Kovu langu la kwenye nyusi, la tangu utotoni, kalifuta. Halafu akaziba mwanya! Mwanya niliorithi kwa bibi, ambao watu wanautamani, yeye kauona ni pengo. Nilipouliza akanijibu, "Dada, wote wanafanya hivi. Mkikutana atakuwa ameshakupenda." Nikamlipa na kumshukuru.

Nikaipandisha kwenye apu, na kijana mmoja tukachati wiki sita, mtu wa maana kabisa. Siku ya kuonana nikapanda treni ya umeme hadi Dar, nikawahi mgahawani, nikamwandikia nimevaa gauni la kijani. Nikamwona anaingia. Akapitisha macho kwenye meza zote, akafika kwangu, akapita. Nikainua mkono. Akageuka nyuma kuangalia ninayempungia ni nani. Kisha akatoa simu akapiga, na simu ikaita mkononi mwangu, yeye akiwa amesimama hatua tatu kutoka mezani kwangu.

Akaja, akasema kwa upole, "Samahani, wewe ni dada yake?"

Unajua kilichofuata? Hakusema neno juu ya sura. Aliketi, akaagiza soda, akaniuliza, "Na ualimu nao ni kweli?" Nikajikuta nafungua pochi natoa kitambulisho cha kazi na kukiweka mezani. Wiki sita za kuambiana mambo ya familia, misiba, mipango, zote zikawa zinahitaji ushahidi. Alikaa kama dakika ishirini, akalipa, akaniaga vizuri, na tangu hapo kimya. Wanaokwambia "picha ni picha tu" waje wakae kwenye ile meza kwanza.

Na kwa huyo fundi bado nina hasira, kwa sababu fundi mwenye kujua kazi angeniambia ukweli kuhusu ile pua. Tatizo halikuwa pua, lilikuwa mkono wangu. Selfi unaipiga simu ikiwa karibu sana na uso, na kilicho karibu zaidi na lenzi, yaani pua, kinakuzwa kuliko masikio na mashavu. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walikokotoa hilo: kwenye umbali wa sentimita 30 pua huonekana pana zaidi kwa karibu asilimia 30, lakini ukisogea hadi mita moja na nusu tofauti hiyo karibu inaisha. Kwa hiyo dawa yake ilikuwa kumpa mdogo wangu simu, asogee hatua mbili, apige kwa kamera ya nyuma na kunikuza kidogo. Pua yangu ilirudi bila mtu kuigusa.

Hapo ndipo nilipopata kanuni ninayoishikilia mpaka leo: rekebisha alichokosea kamera, mwili wako uache. Kila unapotaka kugusa kitu kwenye picha, jiulize kosa ni la nani.

Chukua picha ninayotumia sasa. Ilipigwa sebuleni usiku, taa ya njano, nimevaa shati jeupe. Uso ulitoka wa manjano na shati likawa rangi ya siagi. Hilo ni kosa la kamera, haikuielewa taa. Nikafungua sehemu ya rangi nikasogeza ule mshale wa joto upande wa bluu polepole hadi shati likawa jeupe, nikaachia hapo hapo. Ngozi ikarudi kuwa yangu, nyeusi kama ilivyo. Kivuli chini ya macho kilikuwa kizito kwa sababu taa ilikuwa juu ya kichwa, nikakipandisha mwanga kidogo. Ndoo iliyokuwa pembeni nikaikata. Chunusi iliyokuwa kidevuni nikaifuta, kwa kuwa wiki ijayo isingekuwepo. Kovu la nyusi lipo, mwanya upo.

Sasa wewe umesema "kaning'arisha". Tazama nguo yako na ukuta wa nyuma. Kama picha nzima ilikuwa na giza akaipandisha mwanga, ukuta na nguo navyo vitakuwa vimeng'aa pamoja na wewe, na hapo hakuna ubaya. Kamera nyingi hutia giza uso mweusi uliosimama mbele ya dirisha, na ukigusa uso wako kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga inajirekebisha. Lakini ukiona ukuta uko vile vile, nguo iko vile vile, na uso peke yake umekuwa wa mtu mwingine, hiyo ni rangi kapaka. Linganisha uso na mikono pia, mafundi wengi husahau mikono.

Kiuno nacho kinajishtaki. Kwenye picha yangu nilikuwa nimesimama mlangoni, na fremu ya mlango ilikuwa imeingia ndani kama upinde pale pale fundi alipokibonyeza kiuno. Niliiangalia ile picha miezi mitatu bila kuliona hilo. Yule kijana aliliona akirudi kwao? Sijui, lakini mimi nililiona kwenye treni nikirudi Moro. Kagua mistari yote iliyonyooka karibu na mwili: vigae, mlango, pazia, ukingo wa meza. Ulipopinda mstari ndipo fundi alipokugusa.

Na kabla ya kupiga nyingine, ingia kwenye mipangilio ya kamera yako ya mbele utafute palipoandikwa `Beauty`, ushushe hadi sifuri. Simu nyingi zinalainisha ngozi na kuchonga taya zenyewe, na zinakumbuka ulivyoziacha mara ya mwisho, kwa hiyo unaweza kuapa kwamba hujaediti kitu kumbe simu imeshamaliza.

Ukishapata picha, mpe bodaboda asiyekufahamu, mwambie akutafute stendi kwa picha hiyo tu. Akikupita, ifute.

Leo hii rudi kwa huyo fundi ukamwombe faili za mwanzo, zile ambazo hajagusa, kabla hajazifuta kwenye kompyuta yake. Mimi nilichelewa siku nne, nikakuta zimeshaondoka.