"Delta mraba" si mraba

*Mwalimu, salamu kutoka Mbale. Ninapofundisha mbinu ya Aitken ya kuharakisha mfuatano unaokaribia kikomo chake polepole, wenzangu husoma alama Δ² "delta mraba". Je, jina hilo ni sahihi kwa Kiswahili?*

Si sahihi, na wala si kosa dogo. Alama hiyo isomwe "tofauti ya pili". Neno mraba tulilipata kutoka Kiarabu, katika ukoo mmoja na hesabu ya nne: umbo la pande nne, na baadaye namba iliyozidishwa kwa yenyewe. Sasa Δ haizidishi kitu chochote. Ni amri inayosema: chukua namba inayofuata, uitoe ile iliyotangulia. Ile 2 iliyo juu yake inataka amri hiyo itekelezwe mara mbili, yaani utafute tofauti ya tofauti.

Tuseme bei ya mkungu wa matoke ni shilingi 20,000 wiki hii, 24,000 wiki ijayo, na 26,000 wiki ya tatu. Tofauti zake ni 4,000 na 2,000, na tofauti ya pili ni −2,000, ambayo bado ni shilingi. Mraba wa tofauti ya kwanza ni 16,000,000, na hizo si shilingi tena bali ni shilingi mara shilingi, kitu kisichoweza kujumlishwa na bei wala kutolewa kwenye bei. Vitu viwili vilivyo mbali hivi haviwezi kuitwa jina moja.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba kanuni ya Aitken, aliyoitangaza mwaka 1926, inavibeba vyote viwili, kimoja juu ya kingine:

```
x* = x0 − (Δx0)² / Δ²x0
Δx0 = x1 − x0
Δ²x0 = x2 − 2·x1 + x0
```

Ukisoma "delta mraba" juu na "delta mraba" chini, mwanafunzi anayekusikiliza bila kuona ubao ana haki ya kuzifuta zote mbili na kubaki na x0 − 1. Nimesahihisha daftari lililofanya hivyo hasa, na sikuweza kumlaumu mwenye daftari. Sema "mraba wa tofauti, gawanya kwa tofauti ya pili", na kosa hilo halina pa kuingilia. Kwa bei zetu za matoke, 16,000,000 kwa −2,000 ni −8,000, na 20,000 ikitolewa −8,000 ni 28,000: ndiko bei ingeishia kama kila ongezeko lingekuwa nusu ya lililotangulia.

Tuione kanuni hiyo ikifanya kazi katika mlinganyo x = cos x, pembe zikiwa katika radiani. Anza na 0.5, tafuta kosini yake, kisha kosini ya jibu, na kadhalika: 0.5, 0.877583, 0.639012. Namba zinaruka huku na huko kuzunguka kikomo, 0.739085, na kila hatua inapunguza kosa hadi takribani theluthi mbili tu ya lilivyokuwa. Tofauti ni 0.377583 na −0.238571, hivyo tofauti ya pili ni −0.616154. Mraba wa tofauti ya kwanza ni 0.142569. Kanuni inatoa 0.731385, ambayo kosa lake halifiki 0.008, ilhali namba ya tatu tuliyoanzia ilikuwa na kosa la 0.1. Ukianza upya na 0.731385, ukatafuta kosini mara mbili na kutumia kanuni tena, utapata 0.739076. Kwa kurudia kosini peke yake ungehitaji zaidi ya hatua 20 nyingine kufikia usahihi huo.

Siri yake ni kuchukulia kwamba kosa hupungua kwa uwiano uleule kila hatua. Basi uwiano huo uchunguzwe: gawanya kila tofauti kwa iliyoitangulia. Hapa unapata −0.63, −0.69, −0.66, na namba hizi zinatulia. Zikiyumba ovyo, jibu la kanuni halifai kuaminiwa. Ukaribiapo kikomo sana, tofauti ya pili huwa ndogo kama makosa ya kukadiria desimali za kikokotoo. Hapo kugawanya kwayo kunaharibu jibu ambalo tayari lilikuwa zuri, na tofauti hiyo ikiwa sifuri kanuni haitumiki kabisa. Ukifanya kazi kwa desimali sita, simama kabla tofauti hazijafikia 0.000001.

Kama wenzako wa Mbale wamezoea kuiita mbinu nzima "delta mraba", kama jina tu kwenye kichwa cha somo, nitavumilia, kwa shingo upande. Ila wakianza kusoma kanuni yenyewe kwa sauti, wakatize.