Mitingi ya timu inapishana kila Machi, shida ni hiyo EST

Swali: "Mimi ndo naandaa mitingi ya timu yetu kila Jumanne, watu wako New York, London na Singapore. Tangazo linasema 09:00 EST mwaka mzima. Mbona kila Machi wa New York wanaingia saa nzima kabla ya wenzao?"

Jibu: EST ni saa za baridi za New York tu, yaani UTC, ile saa ya kulinganishia dunia nzima, kutoa 5. Jumapili ya pili ya Machi New York wanasogeza saa mbele, inakuwa EDT, UTC kutoa 4. Sasa chukua Jumanne ya tarehe 10 Machi 2026, mtu wa New York anaona 09:00, anaangalia saa ya ukutani anaingia, na hapo ni 13:00 UTC. Wa Singapore kapiga hesabu ya EST vilevile ilivyoandikwa, kapata 22:00 ya kwake ambayo ni 14:00 UTC, na hakuna aliyekosea kati yao! London nao bado hawajabadilisha, wanasubiri Jumapili ya mwisho ya Machi.

Kwahiyo acha herufi, taja mji. Ila kwanza kubalianeni mitingi inafuata saa za mji gani, maana haiwezekani muda ubaki uleule kwa wote, lazima kuna watakaohama. Mkifuata New York, Singapore wanaingia 22:00 kipindi cha baridi na 21:00 kipindi cha joto, London wanabaki 14:00 isipokuwa zile wiki chache ambazo mmoja kabadilisha mwingine bado, hapo inakuwa 13:00. Mkifuata UTC, Singapore hawahami kabisa lakini New York na London wanahama wote. Mimi ningeuliza nani ana ratiba isiyosogea, labda anapeleka watoto shule, nimfuate huyo.

Halafu tangazo liandike hivi, na huo mstari wa pili ukokotoe upya kwa kila tarehe, usikopi wa wiki iliyopita:

```
Jumanne 10 Machi 2026, 09:00 New York
London 13:00, Singapore 21:00
```

Kwenye kalenda, ukiunda mitingi inayojirudia chagua `America/New_York`, usichague GMT-5, sababu hiyo ya pili haijui kubadilika. Kuhakikisha, weka kalenda isome saa za London kisha fungua tarehe 10 na 31 Machi: ukiona 13:00 halafu 14:00 umeweka sawa, ukiona 14:00 halafu 15:00 umefunga kwenye GMT-5.

Na kama mna programu yenu inayotunza ratiba, miadi ya mbele itunzeni kama saa ya mji pamoja na jina la ukanda wake wa saa, msigeuze kuwa UTC mapema. Serikali huwa zinabadilisha sheria, Mexico 2022 walifuta saa za kiangazi karibu nchi nzima, na miadi iliyokuwa imeshageuzwa kuwa UTC kwa sheria ya zamani ingeangukia saa isiyo yake.