Sekunde 60, 30 na 15: maswali ya wahariri wa video

Nina video ya dakika nne ya karakana ya samani Keko. Mteja anataka ya sekunde 60, 30 na 15. Nilikata ya 60, nikaipunguza ikawa 30, lakini ya 15 haieleweki kabisa. Nifanyeje? (Msomaji, Temeke)

Acha kupunguza. Ya 15 haizaliwi na ya 30, kwa sababu ya 30 imejengwa kwa hoja inayohitaji sekunde 30 kukamilika. Ukiing'oa nusu, kinachobaki ni vipande vya hoja. Kila moja irudi kwenye ile video ndefu, na ikiwezekana kwenye picha ghafi, ichukue kilicho chake.

Kabla ya kufungua programu ya kuhariri, andika kwenye karatasi kila sentensi ya fundi, na pembeni yake sekunde inazochukua. Kisha soma kila sentensi kana kwamba hujasikia iliyotangulia. Hapo ndipo utagundua kwa nini ya 15 inawachanganya watu. Fundi anasema, "Tunauacha ukauke kwanza, ndiyo maana haupindi." Katika video ndefu tunajua ni ubao wa mninga, maana aliutaja kabla ya hapo. Ukikata ile ya nyuma, mtazamaji anabaki kujiuliza ni nini kinachokauka. Sentensi zetu zimejaa viungo vya namna hiyo vinavyoshika jambo lililokwisha kutajwa: tunau-, tunazi-, hiyo, ndiyo maana, pia. Sentensi yenye kiungo hicho ina njia mbili tu: picha ya ubao ionekane wakati uleule anapoitamka, au uiache.

Baada ya hapo amua kila moja itasema nini. Kwa karakana yako ningegawa hivi. Ya 60 ina nafasi ya kisa: sofa za mbao mbichi hulegea, fundi anaonyesha anavyokausha mninga, ubao mmoja unavyoingia kwenye tundu la mwenzake, sofa iliyokamilika, mahali pa kumpata. Ya 30 ibebe dai moja na ushahidi wake, yaani kiungo hicho cha mbao tu, bila habari ya kukausha. Ya 15 ibebe kitu kinachoonekana kwa macho. Kama kwenye picha ghafi kuna wanaume wawili wamesimama juu ya kiunzi cha sofa kisichotikisika, hiyo ndiyo video yako. Sekunde 0 hadi 4, wamesimama na wanaruka kidogo. Sekunde 4 hadi 10, picha ya karibu ya kiungo, fundi akisema, "Huu ni mninga mkavu. Hapa hakuna msumari hata mmoja." Sekunde 10 hadi 15, sofa ikiwa sebuleni, jina la karakana, Keko, na namba ya simu.

Angalia pia idadi ya maneno. Mtu akizungumza kwa utulivu hutamka kama maneno mawili kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 15 zinabeba maneno 30 kwa makadirio, na zile za mwisho ziache bila maneno ili namba isomeke. Ukiwa na maneno 40 utashawishika kuongeza kasi ya sauti. Usifanye hivyo, punguza maneno.

Ukimaliza, mwonyeshe ya 15 mtu ambaye hajaiona ndefu, sauti ikiwa imezimwa, kama atakavyoitazama ndani ya daladala. Muulize inauzwa nini na wapi. Akikosa jibu moja, rudi kwenye picha ghafi.

Dada shikamoo. Video zetu zimepigwa kwa mlalo. Nikizigeuza wima kwa ajili ya TikTok zinakuwa na ukungu na watu wanakatwa nusu. (Msomaji, Sinza)

Marahaba. Ukungu unatokana na hesabu. Picha ya mlalo ya 1920 kwa 1080 ukiikata wima kwa kimo chake chote, unabaki na upana wa pikseli kama 607. Video ya wima inahitaji 1080, kwa hiyo programu inaikuza karibu mara 1.8, na ukuzaji huo ndio ukungu unaouona. Ukipiga kwa 3840 kwa 2160, kipande cha wima kinakuwa na upana wa 1215, kinatosha bila kukuzwa. Mwambie mpigapicha wako kabla ya siku ya kazi, si baada.

Kuhusu watu kukatwa, weka nafasi ya kipande upya kwa kila picha, usitumie nafasi moja kwa video nzima. Watu wawili wakiwa kila mmoja upande wake, usiisogeze picha kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Kata: huyu anaposema mwonyeshe huyu, kisha yule. Au wapange mmoja juu, mwingine chini.

Omba pia nakala isiyo na maandishi yoyote juu yake. Maandishi yaliyokwisha chomwa kwenye picha ya mlalo hayaokoleki. Unapoandika upya, yakae kati au juu kidogo ya kati, kwa kuwa chini hufunikwa na maelezo ya chapisho na kulia kuna vitufe.

Muziki unakatika ghafla mwishoni. Nikiufifisha, mteja anasema video inaonekana haijaisha. (Msomaji, Tegeta)

Mteja ana haki. Wimbo una mwisho wake, utumie huo. Chukua sekunde za mwisho za wimbo uziweke mwishoni mwa video, halafu ujenge kurudi nyuma hadi ukutane na mwanzo.

Kasi ya wimbo inarahisisha kazi hii. Wimbo wa mapigo 96 kwa dakika, ukiyahesabu manne manne, kila mzunguko ni sekunde 2.5. Mizunguko mitano ni sekunde 12.5, pigo la mwisho linatua hapo, na mlio wake unamalizikia ndani ya sekunde 2.5 zilizobaki. Kwa ya 30 ni mizunguko 11 kisha mlio. Wimbo wa mapigo 120 una mzunguko wa sekunde 2, kwa hiyo ya 15 inaishia katikati ya mzunguko na utalazimika kutafuta pigo jingine la kumalizia. Pale vipande viwili vinapokutana, unga kwenye pigo la kwanza la mzunguko, na ufiche kiungo chini ya neno la fundi au mlio wa nyundo.

Kwa ya 15 ninaweka muziki kwanza, picha baadaye. Kwa ya 60 maneno ndiyo yanayotangulia.

Ya 15 ikiwa 16 kuna ubaya? (Msomaji, Kigamboni)

Kwenye ukurasa wako mwenyewe, hakuna. Shorts za YouTube zinapokea hadi dakika tatu tangu Oktoba 2024. Kwenye nafasi ya kulipia ubaya upo: kituo cha televisheni kinauza muda kamili, na kwa fremu 25 kwa sekunde ya 15 ni fremu 375, ya 30 ni 750. Zihesabu, kisha angalia fremu ya mwisho kabisa, kwani mara nyingi hubaki fremu moja nyeusi na jicho huiona. Kama ya 30 inakwenda kwenye tangazo la YouTube linaloweza kurukwa, kumbuka kitufe cha kuruka hutokea baada ya sekunde 5. Jina la karakana lisikike kabla ya hapo.