Kabla ya dodoso, uliza mgonjwa anakumbuka nini

Mwenzangu unayeanza kazi katika kliniki ya wagonjwa waliotoka chumba cha mahututi, dodoso utakazokabidhiwa ni fupi na utazizoea mapema. HADS hupima wasiwasi na huzuni, IES-6 hupima dalili za kiwewe, na MoCA hupima kumbukumbu, umakini na uwezo wa kupanga mambo. Jopo la kimataifa la wataalamu lilizipendekeza mwaka 2020, likashauri upimaji uanze kati ya wiki 2 na 4 baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, na urudiwe baadaye. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuzitoa kabla sijajua mgonjwa anabeba kumbukumbu gani.

Nilimpokea mwanamume wa miaka 46 aliyewekwa kwenye mashine ya kupumulia kwa siku 11 kwa sababu ya nimonia kali, na katika siku hizo aliweweseka kwa muda wa siku 5. Alikuwa amekosa miadi ya kwanza, nami nikadhani ni uzembe tu. Nilimsomea maswali 6 ya IES-6, ambayo huuliza jinsi tukio fulani lilivyomsumbua mtu katika siku 7 zilizopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 4. Alipata jumla ya alama 5, yaani wastani wa 0.83, wakati kiwango cha kututia shaka ni 1.75. Niliandika kwamba hana tatizo.

Alipokuwa akiinuka, mkewe alisema kwa sauti ya chini kwamba mume wake halali mpaka taa iwake, na kwamba simu ikilia ghafla hushtuka na kushika koo. Nilimrudisha kitini na kumwomba anisimulie anachokikumbuka. Nimonia yenyewe haikumsumbua hata kidogo. Alichokikumbuka ni wauguzi waliomfunga mikono na kumtia sumu kupitia mrija, na alijua kwamba jambo hilo halikutokea, lakini picha yake ilikuwa wazi kuliko kumbukumbu ya harusi yake. Neno "tukio" alikuwa amelielewa kuwa ni ugonjwa. Tuliporudia maswali yale yale tukiwa tumekubaliana kwamba tukio ni zile siku za chumba cha mahututi pamoja na yote aliyoyaona humo, yawe ya kweli au ya ndoto, alipata alama 12, yaani wastani wa 2.0. Miadi aliyoikosa nayo ilipata maelezo, kwa kuwa kukwepa mahali panapoamsha kumbukumbu ni sehemu ya dalili zenyewe. Tangu hapo, asiyefika kliniki ndiye ninayempigia simu kwanza.

Kwenye HADS alipata alama 9 upande wa wasiwasi, ambapo kuanzia 8 tunaendelea kuuliza. Dodoso hiyo haiulizi kama mtu anafikiria kujiua. Swali hilo litamke mwenyewe, waziwazi, na jibu la ndiyo lishughulikiwe siku hiyo hiyo.

MoCA ndiyo iliyonipa kazi zaidi. Alipata 22 kati ya 30, nikamwongezea alama 1 inayoruhusiwa kwa mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu, ikawa 23, chini ya kiwango cha 26. Katika maneno 5 aliyotakiwa kuyakumbuka alitaja 2 tu, na kutoa 7 mfululizo kutoka 100 kulimshinda baada ya hatua ya pili. Ungeweza kuandika hapo hapo kwamba ubongo umeathirika, na wala lisingekuwa jambo la ajabu: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, miezi 3 baada ya kutoka hospitalini wagonjwa 4 kati ya 10 waliolazwa mahututi walikuwa na alama zinazofanana na za watu walioumia ubongo kwa kiwango cha kati, na kadiri mtu alivyoweweseka kwa muda mrefu ndivyo alama zilivyoshuka. Hata hivyo, nilipomwomba mkewe atoe dawa zote mkobani, nilikuta vidonge vya kutuliza ambavyo mgonjwa alianzishiwa alipokuwa akiweweseka na ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvisitisha. Asiyelala usiku na anayemeza vidonge hivyo atakosea kutoa 7 hata kama ubongo wake ni mzima. Isitoshe, swali moja la IES-6 linahusu kushindwa kuwa na umakini, kwa hiyo alama za kiwewe na za MoCA huingiliana.

Kwa hiyo sikumwandikia utambuzi wowote siku ile. Tulikubaliana na daktari wake apunguze vidonge kidogo kidogo, nikampeleka kwa mwanasaikolojia kwa ajili ya kiwewe, na nikamwambia mkewe asimwachie peke yake hesabu za biashara wala usukani wa gari kwa wakati huo. Alipofika miezi 3 baadaye MoCA ilikuwa 25, na maneno aliyoyakumbuka yalikuwa 4. Wastani wa IES-6 ulikuwa bado 1.83, na taa, mkewe alisema, bado inawaka usiku.