Kalenda ya shamba la mahindi isianze na tarehe

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu tunalima ekari mbili za mahindi kwa jembe la mkono, mbegu ya siku 120. Msimu uliopita tulifuata kalenda tuliyonunua, yenye tarehe za kupanda, kupalilia, kuvuna na kuuza. Mvua ilichelewa, magugu yakatushinda, na mahindi tuliyoweka yakaota kuvu. Tulikosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kosa lilianza siku mliyonunua karatasi hiyo. Kila msimu naletewa kalenda za namna hii, zikiwa na tarehe zilezile kwa bonde lenye joto na kwa mlima wenye baridi, na aliyeziuza hajawahi kukanyaga shamba la mnunuzi. Mahindi hayajui tarehe. Yanajua unyevu na joto. Hata hizo siku 120 ni makadirio tu, kwa kuwa mbegu hiyohiyo huchelewa kukomaa kwenye baridi.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa kalenda yenu ubaki wazi hadi udongo wenyewe uujaze. Chimbeni mahali kadhaa kina cha sentimita 15, mchukue udongo wa chini na kuufinya kiganjani: ukishikamana bila kuchuruzika maji, pandeni; ukimomonyoka, subirini, hata kama majirani wamekwisha kupanda. Manyunyu ya siku moja huiamsha mbegu kisha huiacha ife kiu. Siku mtakayoona miche mingi imetokeza, iandikeni kuwa siku ya kwanza, na kazi za palizi zihesabiwe kutoka hapo.

Sasa nije kwenye palizi, ambayo ndiyo inayonikera kuliko yote, kwa sababu wakulima wengi husubiri magugu yawe makubwa ndipo washike jembe. Mahindi huumizwa zaidi na magugu kati ya wiki ya pili na ya sita hivi baada ya kuota, na hasara ya kipindi hicho hairudishwi na palizi ya baadaye, hata iwe safi namna gani. Tuseme nyinyi wawili mnamaliza nusu ekari kwa siku tatu, yaani ekari mbili kwa siku 12. Mkianza siku ya 12, magugu yakiwa na majani mawili matatu, kipande cha mwisho kitamalizika siku ya 23. Mkianza siku ya 25, kipande hicho kitamalizika siku ya 36, na huenda ikawa mbali zaidi, kwa kuwa gugu lililoshika mizizi halikwatuliwi kwa pigo moja. Anzieni pale mlipoanzia kupanda na mfuate mpangilio huohuo.

Palizi ya pili ianze karibu siku ya 30, na mbolea ya kukuzia iwekwe kwenye kila kipande mara tu kinapopaliliwa, udongo ukiwa na unyevu. Hapa ndipo hujitokeza wauza chupa, wakidai kwamba dawa yao ya kunyunyizia majani ya mahindi inafidia palizi iliyochelewa. Hakuna chupa ya namna hiyo. Anayeweka mbolea juu ya magugu analisha magugu, na anayenyunyizia mahindi yaliyokwisha kudumaa anapoteza fedha mara ya pili. Mtu akikuuzia dawa kabla ya kuuliza mahindi yako yana siku ngapi tangu yaote, hajui anachokiuza.

Kwa mavuno, msitazame ukavu wa majani pekee, maana ukame na magonjwa pia huyakausha. Ng'oeni punje za katikati ya gunzi mtazame kitako chake: alama nyeusi ikionekana, punje imekoma kujaa. Lakini kukomaa si kukauka. Wakati huo punje bado ina unyevu wa karibu asilimia 30, na ghala linataka usiozidi 13. Nadhani kuvu yenu ilitoka hapa, kwa kuwa kalenda ilisema ni siku ya kuweka ghalani, nanyi mkaweka.

Kipimo cha nyumbani ni chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tieni punje hadi robo yake pamoja na chumvi kavu kidogo, mtikise kwa dakika chache, kisha muiache itulie. Chumvi ikigandamana kiooni, unyevu umezidi asilimia 15, mrudishe mahindi juani. Isipoganda, endeleeni kuanika siku moja au mbili zaidi, kwa maana chupa haiwezi kutofautisha 15 na 13.

Mstari wa mauzo pia usiwe na tarehe moja. Gawanyeni mavuno kabla ya kupukuchua: chakula cha nyumba hadi mavuno yajayo, kisha magunia ya kulipia deni lenye siku yake, na yanayobaki ndiyo ya kusubiri bei. Ya deni yauzwe kwanza, yakiwa makavu. Ya kusubiri yawekwe tu ikiwa mna mifuko isiyopitisha hewa au dawa ya ghala iliyosajiliwa. Vinginevyo yauzeni mapema, kwani bungua hawasubiri bei.