Kinundu cha kifundo cha mkono kinachokuja na kupotea

*Shikamoo daktari. Nina miaka 28, nipo Mwandiga, Kigoma. Nina kinundu juu ya kifundo cha mkono wa kulia tangu mwaka jana. Msimu wa mawese kinavimba, nikipumzika kinapotea. Hakiumi sana. Mama mkwe anataka tukipige na mchi kipasuke. Je, nifanyiwe upasuaji?*

Marahaba dada. Mchi urudi jikoni kwanza. Watu wamevipiga vinundu hivi tangu zamani, na ni kweli vingine hupasuka, lakini vingi hurudi, na mfupa ulio chini unaweza kuvunjika.

Maelezo yako yanafanana sana na ganglioni, kifuko chenye ute mzito na mwangavu kilichochomoza kutoka kwenye kiungo. Si saratani wala haigeuki kuwa saratani. Kinaungana na kiungo kwa kikonyo chembamba, na inaonekana kikonyo hicho hufanya kazi kama vali ya tairi la baiskeli: ute unaingia kwa urahisi kuliko unavyotoka. Ukisukuma mti wa kinu cha kukamulia mawese huku kifundo kimekunjwa kwenda nyuma, ute unasukumwa kwenye kifuko. Ukipumzika, taratibu unanyonywa na mwili. Kule kupotea ndiko kunakonituliza, maana uvimbe mbaya hauna tabia ya kwenda na kurudi.

Jioni ingia chumba chenye giza, gandamiza tochi ya simu ubavuni mwa kinundu. Chenye ute hung'aa chote, cha nyama hubaki cheusi. Kisha kunja na kunjua vidole huku ukikitazama. Kikibaki palepale, kinatoka kwenye kiungo. Kikisafiri pamoja na vidole, kiko kwenye ala ya kano, yaani ganda linalofunika kamba inayovuta kidole, na hiyo ni habari nyingine nitakayoigusa chini.

Kwako nisingekata. Takriban nusu ya ganglioni hutoweka zenyewe, ingawa huenda zikachukua miaka. Msimu wa kazi funga kifundo kwa bandeji au kishikizo ili kisikunjike sana, ukivue usiku, na mti usukume kifundo kikiwa kimenyooka.

Kikianza kuuma au kukuzuia kushika vitu, daktari anaweza kunyonya ute kwa sindano nene. Ni kazi ya dakika chache, ila zaidi ya nusu hurudi kwa sababu kikonyo kimebaki. Upasuaji hung'oa kifuko na kikonyo chake, kwa hiyo hurudi mara chache zaidi, lakini unaacha kovu na wengine kifundo hukakamaa. Kinundu kisichouma hakistahili gharama hiyo. Usikubali kuchanjwa wembe: njia ya kwenda kwenye kiungo iko wazi, na usaha ukiingia humo unaharibu mkono.

Nenda hospitali ya mkoa, Maweni, bila kusubiri msimu uishe, ikiwa kinakua bila kunywea, ni kigumu kama mfupa, kina joto na wekundu, au vidole vinakufa ganzi. Na kama kinasafiri na vidole, ni kirefu na laini, mwombe daktari afikirie kifua kikuu cha ala za kano, hata kama hukohoi.